Chupa ya jioni na usingizi wa kijana

Katika duka la dawa ninalofanyia kazi hapa Temeke, vijana wanaokuja kuomba dawa ya usingizi ni wachache mno. Wengi huja kuomba dawa ya uchovu. Huyu anataka vitamini, yule anataka dawa ya kuongeza damu, mwingine anasema mwili wake umekuwa mzito tangu mwezi uliopita na hajui umepatwa na nini. Nikiwauliza kama wanalala, hujibu kwamba wanalala vizuri tu. Nikiwauliza wanakunywa nini kuanzia mchana hadi usiku, baadhi yao hucheka, kwa sababu chupa yenyewe wameishika mkononi.

Vinywaji hivyo tumevizoea kwa jina la vinywaji vya kuongeza nguvu, na jina hilo ndilo linaloficha habari. Mzee anayeketi barazani na kikombe chake kidogo cha kahawa chungu anajua anachokunywa. Kila mtu katika mtaa wetu anajua kwamba kahawa huondoa usingizi, na mzee asiyetaka kukesha huiacha mapema. Kijana anayenunua chupa baridi, tamu, yenye picha ya mnyama au ya radi, hadhani kwamba amenunua kitu cha jamii ile ile. Anadhani amenunua nguvu. Nguvu halisi iliyomo humo ni ya sukari, na hiyo ni nyingi. Kinachomfanya ahisi ameamka ni kafeini, yaani kile kile kilicho katika kahawa. Tena uchungu wa kahawa humfanya mtu anywe kwa kupuliza na kwa kituo, ilhali ubaridi na utamu wa chupa ile humfanya aimalize kwa mikupuo mitatu.

Mwaka jana mtoto wa kaka yangu alihamia kwangu. Ana umri wa miaka 21, anasoma chuo hapa Dar es Salaam, ni mpole na ana bidii. Baada ya mwezi mmoja niliona mambo mawili. La kwanza, simu yake ililia mara tatu kila alfajiri na yeye hakuamka hata kwa mara ya tatu, mpaka mjomba wake akamgongee mlango. La pili, siku za Jumapili alilala hadi adhuhuri, na akiamka uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka safari. Kijana mwenye afya anayelala saa saba kila usiku hana sababu ya kulipa deni kubwa namna hiyo mwisho wa juma. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu niletee hizo chupa unazokunywa." Akaniletea, akasema, "Lakini shangazi, mimi nalala. Nikigusa mto tu, nimelala."

Tulianza kwa kusoma lebo. Ile ya kinywaji cha nguvu iliandikwa kwa herufi ndogo sana kwamba ina kafeini miligramu 30 kwa kila mililita 100. Yeye alikuwa ameisoma siku nyingi na kuona kwamba 30 ni kidogo. Nikamwonyesha upande wa pili, palipoandikwa ujazo wa chupa: mililita 400. Basi hiyo 30 inakwenda mara nne, na chupa nzima ina miligramu 120. Hakuna uongo ulioandikwa hapo, lakini hakuna mtu anayekunywa mililita 100 na kuirudisha chupa kwenye friji. Kwa kulinganisha, kopo dogo la Red Bull la mililita 250 lina miligramu 80, na kopo la Monster la mililita 500 lina miligramu 160. Ukubwa wa chombo ndio unaoamua, na ndio ambao macho ya mnunuzi hayauhesabu.

Kola ni habari nyingine. Lebo ya soda hiyo mara nyingi huitaja kafeini katika orodha ya viambato bila kusema ni kiasi gani. Sababu ni kwamba sheria za nchi nyingi zinadai kiasi kitajwe pale tu kafeini inapokuwa nyingi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, mpaka huo ni miligramu 150 kwa lita, na kola iko chini yake, kwa hiyo inatosha itaje kafeini kama kionjo. Kampuni nyingi hutangaza kiasi hicho mahali pengine. Coca-Cola, kwa mfano, ina miligramu zinazokaribia 10 katika kila mililita 100. Chupa ya plastiki ya nusu lita, basi, ina karibu miligramu 50. Peke yake si kitu kikubwa kwa mtu mzima. Tatizo lake ni kwamba hunywewa pamoja na chakula cha usiku, tena mezani, mbele ya wazazi, na hakuna anayeihesabu.

Nilimwambia anieleze siku yake ya kawaida. Saa saba mchana, baada ya kula, chupa moja ya kinywaji cha nguvu ili asisinzie darasani. Saa kumi na mbili jioni, chupa ya pili, kwa sababu hapo ndipo uchovu humrudia. Saa mbili usiku, chakula na kola ya nusu lita. Saa tano usiku, kitandani. Nilichukua karatasi.

Kafeini haitoki mwilini kwa mara moja kama maji yanavyotoka kwenye ndoo iliyomwagwa. Ini huivunja kidogo kidogo, na kwa mtu mzima mwenye afya huchukua kama saa tano hivi kubaki nusu ya kile alichokunywa. Zikipita saa tano nyingine, hubaki nusu ya ile nusu. Watu hutofautiana, na nitalirudia hilo, lakini hesabu ya saa tano inafaa kuanzia.

Chupa ya saa saba mchana ilimpa miligramu 120. Ilipofika saa kumi na mbili jioni zilikuwa zimebaki 60, na hapo akaongeza chupa ya pili yenye 120. Akawa na 180. Kutoka hapo hadi saa tano usiku ni saa tano kamili, kwa hiyo zile 180 zikawa 90. Kola ya saa mbili usiku ilikuwa na 50, na baada ya saa tatu zilibaki kama 33. Jumlisha: anapoweka kichwa kwenye mto ana miligramu zaidi ya 120. Huyu ni kijana anayekwenda kulala akiwa kama mtu aliyekunywa chupa nzima ya kinywaji cha nguvu akiwa amesimama pembeni mwa kitanda. Na saa kumi za usiku, karibu na adhana ya alfajiri, bado ana miligramu 60, sawa na nusu chupa.

Aliitazama karatasi kwa muda, kisha akaniambia kwamba amesoma mahali kuwa mtu mzima anaruhusiwa miligramu 400 kwa siku, na yeye hajafika hata 300. Alikuwa amesoma sawasawa. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula, katika tathmini yake ya mwaka 2015, iliona kwamba hadi miligramu 400 kwa siku hazimtishii mtu mzima mwenye afya asiye na mimba, na mamlaka ya Marekani hutaja kiasi hicho hicho. Lakini hicho ni kipimo cha usalama wa mwili kwa siku nzima. Usingizi una kipimo chake, nacho ni kidogo zaidi: tathmini hiyo hiyo ya Ulaya ilisema kwamba miligramu 100 zikinywewa karibu na saa ya kulala zinaweza kuvuruga usingizi wa baadhi ya watu wazima. Mtu anaweza kuwa salama kabisa kwa hesabu ya kwanza, na akawa amepoteza usiku wake kwa hesabu ya pili.

Hapa inafaa nieleze kafeini inafanya nini hasa, kwa maana hapo ndipo tunapoona kwa nini uchovu ulikuwa ukimrudia kila jioni. Tangu mtu anapoamka, ubongo wake huanza kukusanya kemikali iitwayo adenosini. Kadiri mchana unavyokwenda, adenosini huongezeka na kukaa kwenye nafasi zake maalumu katika chembe za ubongo, na kila nafasi inayojaa huongeza hamu ya kulala. Kafeini ina umbo linalofanana nayo kiasi cha kuweza kukaa katika nafasi hizo hizo, lakini haileti usingizi. Ifikirie daladala ambayo viti vyake vimekaliwa na watu wasiosafiri popote. Abiria wa kweli hawajaondoka. Wamesimama kituoni, na wanazidi kufika. Wale waliokalia viti wanapoanza kushuka, abiria wote huingia kwa pamoja. Ndiyo maana uchovu wa saa kumi na mbili jioni ulimjia kijana wetu kwa kishindo, naye akaudhani kuwa ni dalili ya kuhitaji chupa nyingine. Ile chupa haikumpa nguvu yoyote mpya. Ilimwekea tu abiria wake kituoni.

Lakini mbona alilala mara tu alipogusa mto? Swali hili huulizwa na kila kijana, na ni swali la haki. Jibu ni kwamba mtu aliyelimbikiza deni la usingizi kwa majuma mengi anaweza kusinzia hata akiwa na kafeini mwilini. Kinachoharibika ni kile kinachofuata baada ya kusinzia. Kafeini hupunguza ule usingizi mzito wa mwanzo wa usiku, ambao ndio unaoupumzisha mwili zaidi, na huongeza kuzinduka kwa muda mfupi ambako mtu hakukumbuki asubuhi. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la watu 12 waliopewa miligramu 400 kwa nyakati tofauti: wakati wa kulala, saa tatu kabla, na saa sita kabla. Hata waliozimeza saa sita kabla walipoteza zaidi ya saa moja ya usingizi kwa mujibu wa kifaa kilichowapima nyumbani kwao. Wao wenyewe, katika maelezo waliyoandika, hawakuuona upungufu huo wazi kama kifaa kilivyouona. Kiasi chao kilikuwa kikubwa kuliko cha kijana wetu, na watu 12 ni wachache, lakini funzo lake kwangu ni moja: kauli ya mlalaji kwamba amelala vizuri si kipimo. Kipimo changu ni ile simu inayolia mara tatu, na ile Jumapili inayoishia adhuhuri.

Kulikuwa na jambo la tatu ambalo sikulijua mpaka nilipofagia chumba chake. Chini ya meza kulikuwa na vipande vya karatasi ya vidonge vya maumivu. Aliniambia kwamba siku asizokunywa chochote kichwa humuuma, hasa siku za mapumziko, kwa hiyo hununua vidonge viwili dukani kwa muuza mchele na maumivu huisha upesi. Mimi ni mtu wa dawa, na vidonge vile nilivitambua. Vilikuwa vya paracetamoli iliyochanganywa na kafeini: miligramu 500 za paracetamoli na 65 za kafeini katika kila kimoja. Viwili vina 130. Maana yake ni kwamba kijana aliyeacha chupa moja alikuwa amemeza zaidi ya chupa moja bila kujua, na kichwa kilipoa si kwa sababu ya dawa ya maumivu peke yake, bali pia kwa sababu kilirudishiwa kile kilichokuwa kikikililia. Maumivu hayo ya kuacha kafeini huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho, huwa makali siku ya kwanza au ya pili, na huisha ndani ya siku chache. Mwenye kulala hadi adhuhuri siku ya Jumapili huwa amekaa saa nyingi bila kafeini kabla hajaamka, kisha hushangaa kwa nini mapumziko yanamuumiza kichwa. Paracetamoli ya kawaida ipo, haina kafeini, na bei yake ni nafuu zaidi. Ni kuuliza tu dukani, au kusoma nyuma ya karatasi.

Kuhusu kupunguza, sikumwambia aache siku ile ile. Anayeacha ghafla hupata kichwa, uzito na hasira, na siku ya tatu hurudi kwenye chupa akiwa na hakika kwamba mwili wake hauwezi kuishi bila hiyo. Juma la kwanza hatukuigusa idadi ya chupa. Tulihamisha saa tu. Chupa ya kwanza akainywa saa tatu asubuhi, ya pili saa nane mchana, na kola ya chakula cha usiku tukaiondoa mezani kwa watu wote, tukaweka maji na juisi ya ukwaju. Mjomba wake alinung'unika zaidi kuliko yeye. Hesabu mpya ilionyesha kwamba saa tano usiku angebaki na kama miligramu 50 badala ya 120 na ushee. Juma la pili alikunywa nusu tu ya ile chupa ya saa nane. Juma la tatu akaiacha, akabaki na ya asubuhi. Siku ngumu zilikuwa tatu au nne mwanzoni mwa juma la pili, alipokuwa akisinzia saa kumi jioni akiwa ameketi. Nilimwacha alale dakika 20 baada ya alasiri. Kuelekea mwisho wa mwezi simu ilikuwa ikilia mara moja.

Nilisema watu hutofautiana. Kijana wetu ana rafiki anayekunywa chupa saa nne usiku, akalala, akaamka mwepesi, na mfano wake ulikuwa ukitajwa nyumbani kila siku kama hoja. Inawezekana kabisa. Zipo koo ambazo ini lao huivunja kafeini haraka, na mvuta sigara huivunja haraka zaidi, ndiyo maana anayeacha sigara huona kikombe kile kile kimekuwa kikali. Kwa upande wa pili, mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango huchukua takribani mara mbili ya muda ule kuivunja, na mwenye mimba huchukua muda mrefu zaidi, hasa miezi ya mwisho. Kwake kiasi kinachoshauriwa kwa siku hakizidi miligramu 200, na chupa mbili za kaka yake tayari zimekivuka. Dada na kaka wakinywa chupa sawa jioni moja, hawalali usiku sawa. Naongeza kwamba si kila uchovu ni kafeini: upungufu wa damu upo, malaria ipo, na simu ya usiku wa manane ipo. Kijana ambaye moyo humdunda ovyo au hupata maumivu ya kifua baada ya kunywa asikae kufanya hesabu za karatasi, aende hospitali.

Ndugu wazazi waliosikia habari hii dukani waliniuliza sana juu ya Ramadhani, na wana haki, kwa sababu mwezi huo hupindua saa zote. Mchana chupa haiwezekani, basi huhamia usiku wote. Kijana hufuturu kwa kola, huswali tarawehe, kisha saa tatu usiku hufungua kinywaji cha nguvu ili akae macho na wenzake hadi daku. Chupa ya miligramu 120 iliyonywewa saa hiyo humwachia 60 saa nane za usiku, muda ambao pengine angepata usingizi wake mzito pekee. Akila daku na kuswali alfajiri hulala, huamka saa mbili kwenda darasani, na siku nzima huisingizia swaumu. Kichwa kinachomuuma mchana wa siku ya kwanza na ya pili mara nyingi si njaa. Ni zile saa 12 hadi 24 nilizozitaja zinazotimia. Hilo huepukwa kabla, si wakati wenyewe. Mwaka huu kijana wetu alianza kuipunguza ile chupa ya asubuhi tangu katikati ya Shaabani: kwanza nusu, kisha robo, kisha hakuna. Siku ya kwanza ya mfungo kichwa kilimuuma kidogo baada ya adhuhuri. Siku ya pili hakikumuuma.